Andika Kama Mangi: Mwongozo wa Daftari la Vyuma

Kila mtaa wa Dar es Salaam una mtu mmoja ambaye hadanganyiki, naye ni Mangi wa dukani. Mwambie ulikopa nusu kilo ya sukari. Atavuta daftari lililokunjamana pembe, atalamba kidole, atafungua ukurasa na kukusomea: kilo moja, na mkate, Jumanne jioni. Hakuandika kwamba siku hiyo ulikuwa na uso wa huruma, wala kwamba uliahidi kwa kiapo. Aliandika tarehe, jina, kitu na kiasi, basi. Kwa mambo hayo manne mtu anaendesha duka miaka ishirini.

Sasa mfuate mteja wa Mangi akiingia jimu. Muulize juzi alipiga benchi mara ngapi. Atakwambia, "Nyingi." Kwa chuma gani? "Kile kizito." Ulipumzika muda gani kati ya seti na seti? Hapo atakutazama kama umemuuliza mshahara wake. Nenda kamlipe Mangi deni kwa lugha hiyo uone: nimekuletea nyingi, katika zile noti kubwa, zile za juzi.

Mwongozo huu ni wa kumfanya mnyanyua vyuma awe Mangi wa mwili wake. Nauandika kwa ajili ya jimu zetu za uani, zile za chuma cha bomba na makopo ya zege, kwa sababu ndizo ninazozijua na ndizo zenye shida kubwa zaidi ya hesabu. Anayelipia jimu ya kiyoyozi asome pia. Yake ni mepesi zaidi, ila lipo shimo moja analotumbukia, nalo tutalifikia.

Kazi ya kwanza kabisa haina jasho. Ni kujua chuma chako kina kilo ngapi. Jimu niliyopo, vyuma vimemwagwa na mafundi tofauti kwa miaka tofauti, na kila fundi alipaka namba aliyoipenda. Kilichoandikwa 50 kimekaa pembeni ya kilichoandikwa 40, na vijana wanavipanda kama ngazi. Siku moja tulivibeba hadi kwa muuza vyuma chakavu wa barabara ya pili, kwa kuwa ana mizani ya kupimia mizigo mikubwa. Kile cha "50" kilikuwa na kilo 43. Kile cha "40" kilikuwa na kilo 46 na nusu. Kwa muda wote huo, aliyekuwa "anapanda" kutoka 40 kwenda 50 alikuwa anashuka, halafu anajisifu kwamba amepata nguvu za ghafla. Aliyerudi kutoka 50 kwenda 40 "kupumzisha mwili" alikuwa anashangaa mbona mapumziko yana uzito.

Zege halifuati rangi ya namba, linafuata ujazo. Lita moja ya zege la kawaida ina kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijazwa vizuri linakaribia kilo 10. Lakini fundi akiacha uwazi juu, au akizidisha kokoto upande mmoja, makopo mawili yaliyotoka duka moja yanakuwa ndugu wasiofanana. Kwa hiyo pima pia kila upande. Chuma chetu kimoja kilikuwa kimezidi kilo moja na nusu upande wa kulia, na kila aliyekipiga alidhani mkono wake wa kulia ni mvivu. Ukishapima, andika uzito wa kweli juu ya zege kwa rangi isiyofutika, na uunakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Daftari lenyewe liwe dogo, la kuingia mfukoni, na uliweke ndani ya mfuko wa nailoni. Tumia penseli. Wino wa kalamu ukikutana na jasho unatambaa, na tisa inageuka sifuri kabla hujafika nyumbani. Anayependa simu atumie simu, ila ajijue: akifungua kuandika seti ya pili, akakuta ujumbe, seti ya tatu itaanza baada ya kipindi kizima cha redio.

Kisha andika. Mstari mmoja kwa zoezi moja, na ndani yake mambo sita: tarehe, jina la zoezi, uzito, mara ulizopiga katika kila seti, akiba, na muda wa kupumzika. Manne ya kwanza Mangi anayafahamu. Mawili ya mwisho ndiyo yanayotenganisha daftari linalosema kweli na lile linalobembeleza, kwa hiyo nitakaa hapo.

Akiba ni idadi ya mara ambazo ungeweza kuongeza kabla chuma hakijakugomea. Ukiweka chuma chini na unajua kabisa ungepiga mbili zaidi, akiba ni 2. Ukijua ilibaki moja tu, andika 1. Chuma kikikwama njiani mwenzako akakusaidia kukirudisha, akiba ni 0, na ile iliyokwama haihesabiwi. Yule anayepaza sauti "ni zako zote, sishiki!" huku vidole vyake viwili vimeshika chuma, amekupunguzia mzigo, na daftari linapaswa kujua.

Kwa nini akiba? Kwa sababu mara tisa si mara tisa. Wiki hii umepiga tisa na zimebaki tatu mwilini. Wiki ijayo umepiga tisa na ya mwisho imepanda kwa kutetemeka kama bajaji kwenye matuta. Usipoandika akiba, wiki hizo mbili zinafanana kwenye karatasi, ilhali moja inasema upo vizuri na nyingine inasema kuna jambo. Mwanzoni utakosea. Wengi wapya wanajiona wamefika mwisho huku bado wana mara tatu au nne ndani. Dawa yake ni jaribio: siku moja, katika seti ya mwisho ya siku, mtu makini akiwa amesimama kichwani pako, piga mpaka chuma kigome, uone ulivyokisia na ilivyokuwa. Usilifanye jaribio hilo peke yako kwenye benchi. Chuma kikikulalia kifuani na hakuna mtu, hutakuwa na nafasi ya kuandika.

Muda wa kupumzika ni jambo la sita, na ndilo watu wanalolidharau kuliko yote. Hapa nitakuonyesha kurasa za kijana mmoja wa jimu yetu, fundi wa kuchomelea, ambaye ameniruhusu nizisome. Alikuwa anapiga benchi kila Jumatatu kwa kile chuma cha kilo 43, seti tatu, akipumzika dakika 3, na kila seti akiacha akiba ya moja. Alikuwa akishusha chuma mpaka kiguse kifua, kila mara.

Wiki ya kwanza aliandika 9, 8, 6. Jumla 23.
Wiki ya pili 10, 8, 7. Jumla 25.
Wiki ya tatu 10, 9, 7. Jumla 26.
Wiki ya nne 12, 11, 9. Jumla 32.

Wiki ya nne alikuja kunionyesha akiwa amevua shati. Kutoka 26 hadi 32 ndani ya siku saba! Alikuwa tayari kwenda kumwaga zege la chuma kipya. Nikamwomba anisomee mwisho wa mstari. Palikuwa pameandikwa: "dk 6–7, Simba na Yanga." Wiki ile ubishi wa mechi ulikuwa umepamba moto, na kila seti aliisubiri mpaka hoja zimalizike. Msuli uliopumzika dakika saba unarudisha sehemu kubwa ya nishati yake ya haraka, na uchovu wa seti iliyopita unapungua, kwa hiyo seti ya pili na ya tatu zinapanda bila nguvu zako kuongezeka sana. Tazama hata namba zenyewe: kawaida yake ni kupoteza mara tatu kutoka seti ya kwanza hadi ya tatu, na siku ile pia alipoteza tatu, lakini zote zimeanzia juu, kwa sababu hata mazoezi ya kupasha mwili aliyafanya kwa mapumziko marefu. Hakukuwa na udanganyifu. Ilikuwa siku tofauti, na kwa bahati nzuri ameiandika kuwa tofauti.

Wiki ya tano alirudi kwenye dakika 3: 11, 9, 7. Jumla 27. Ukiilinganisha na ya nne, ameanguka vibaya. Ukiilinganisha na ya tatu, ambayo ndiyo yenye masharti yale yale, amepanda kwa moja. Linganisha siku na pacha wake, usiilinganishe na jirani yake.

Wiki ya sita: 8, 7, 5. Jumla 20, chini kuliko alipoanza. Hapa ndipo wengi wanaacha jimu, au wanabadilisha ratiba nzima, au wanakimbilia dukani kununua kopo la unga wenye picha ya mtu aliyevimba shingo. Pembeni mwa mstari huo pana maneno manne: "usingizi saa 4, saruji." Usiku alilala saa nne tu, mchana alishusha mifuko ya saruji kwenye gari. Mfuko mmoja ni kilo 50, na alishusha mingi. Hakuna fumbo lolote hapo.

Wiki ya saba: 11, 10, 8. Jumla 29. Wiki ya nane: 12, 10, 9. Jumla 31. Dakika 3, akiba 1, kifua kimeguswa.

Sasa ndipo unaweza kusema kitu. Kutoka 23 hadi 31, kwa chuma kile kile, pumziko lile lile, akiba ile ile na kina kile kile, hayo ni maendeleo. Na ona kwamba 31 ya wiki ya nane ni ndogo kuliko 32 ya Simba na Yanga, ila ndiyo yenye thamani.

Nimetaja kina mara kadhaa kwa makusudi. Namba za daftari zinapanda kwa urahisi sana ukipunguza safari ya chuma. Kwenye benchi, watu wanaanza kugusa kifua, kisha wanasimama vidole viwili juu yake, kisha shibiri nzima. Kwenye skwati, magoti yanapunguza kukunja kidogo kidogo kila wiki mpaka mtu anasalimia tu. Pushapu nazo zinageuka kutikisa kichwa. Huwezi kuliona hilo kwa kukumbuka, kwa sababu mwili hufupisha polepole. Kwa hiyo weka kitu cha kugusa: kifua kwa benchi, kigogo au ndoo iliyopinduliwa nyuma yako kwa skwati, ngumi ya mwenzako chini ya kifua kwa pushapu. Mara ambayo haikugusa haiandikwi. Mwenzako akikubishia, mwonyeshe kigogo.

Kijana wa kuchomelea alifika wiki ya nane na shida ya jimu zetu zote: ukiacha kile cha kilo 46 na nusu, chuma kinachofuata kilikuwa cha kilo 60. Kutoka 43 hadi 60 si hatua, ni kuruka mtaro wa mvua za masika. Kwenye jimu zenye sahani ndogo mtu angeongeza kilo 2.5 tu. Sisi tulijaza mchanga kwenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, tukashindilia, tukapeleka kwa muuza chakavu, zikatoka kilo 5 kwa pamoja. Tulizifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, moja kila upande, umbali sawa kutoka katikati, na tukavuta kwa nguvu kuhakikisha hazichezi. Chuma kikawa cha kilo 48.

Siku ya kwanza ya 48 alipiga 8, 7, 6. Akakunja uso. Kutoka 12 hadi 8! Akasema labda chupa zimemharibia mizani ya mwili. Hapa kuna hesabu ndogo inayosaidia, iliyotolewa mwaka 1985 na Boyd Epley, aliyekuwa kocha wa nguvu wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani. Inakadiria ungeweza kunyanyua uzito gani mara moja tu, bila kuujaribu kweli:

```
uzito x (1 + mara / 30)
```

Chukua seti ya kwanza tu, ile ya mwili usiochoka. Kilo 43 mara 12 inatoa 60.2. Kilo 48 mara 8 inatoa 60.8. Kwa hiyo hakurudi nyuma, yupo pale pale, ila sasa ana chuma kipya cha kukipanda. Usiitegemee sana hesabu hii unapovuka mara 10, kwa kuwa kadiri mara zinavyokuwa nyingi ndivyo makisio yanavyolegea, na watu wanatofautiana. Wala usiitumie kulinganisha seti yenye akiba 3 na yenye akiba 0. Tofauti ya nusu kilo kama hii ya kijana maana yake ni "sawa sawa", na hiyo ilimtosha kuacha kulaumu chupa.

Kanuni yake baada ya hapo ni rahisi: anabaki na 48 mpaka seti ya kwanza ifike 12 kwa akiba ya moja, ndipo chupa zinaongezwa. Hapandi kwa sababu Jumatatu imefika.

Sasa lile shimo la jimu za kiyoyozi. Mashine ya kuvuta waya ina namba kwenye vipande vyake, na mtu anaandika "mgongo, 60" kwa raha. Akisafiri kwenda Arusha, mashine ya huko inamshinda akiwa kwenye 45, naye anadhani ni baridi ya Meru. Mzigo unaofika mkononi unategemea jinsi waya unavyopita kwenye makapi, na msuguano wa mashine kuukuu unaongeza yake. Namba ya mashine ni ya mashine ile tu. Andika "mashine ya dirishani" na uifuatilie hiyo. Chuma huru chenye uzito uliopimwa ndicho kinachosafiri na wewe.

Mambo mengine machache, kwa haraka. Maumivu yaandikwe kwa anuani: bega la kulia, mbele, kwenye mara ya sita, chuma kikiwa chini. Yakijirudia sehemu hiyo hiyo mara tatu, zoezi hilo lipumzishwe na bega liende kuonwa na mtaalamu, likiwa na daftari mkononi, maana "linauma uma" halimsaidii daktari. Kukakamaa kwa misuli kesho yake ni habari nyingine, hutokea zaidi ukifanya kitu kipya, na si kipimo cha maendeleo. Ndiyo maana anayeandika "nimechakaa sana leo" hajaandika kitu. Mfungo wa Ramadhani uwekewe alama yake na saa uliyofanya mazoezi, kabla ya futari au baada, kisha siku za mfungo zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe.

Uzito wa mwili upimwe asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, na uchukue wastani wa wiki. Maji na chakula peke yake vinaweza kukupandisha au kukushusha kilo moja hadi mbili kwa siku. Aliyejipima usiku wa harusi baada ya sahani mbili za pilau hajanenepa, amebeba pilau. Mkono nao upimwe kwa utepe wa fundi cherehani kabla ya mazoezi, kamwe si baada, kwa sababu damu iliyojaa msulini itaondoka na sentimita zake kabla hujafika kituo cha daladala.

Na uandike pale pale, seti ikiisha, kabla ya maji na kabla ya salamu. Mazoezi manne ya seti tatu ni namba kumi na mbili, na anayesubiri hadi nyumbani anaandika zile anazozitamani. Mangi akisubiri mpaka usiku ndipo aandike madeni ya mchana, mwezi hauishi kabla hajafunga duka.

Jumatatu iliyopita nililifungua daftari la yule kijana akiwa bado anafuta jasho. Mstari ulisomeka: benchi, 48, 10, 9, 7, akiba 1, dk 3.